Kuweka na kutoa pesa kwa wakala wa benki: mwongozo kamili kwa wafanyabiashara wa Kigoma

Malalamiko yanayotoka Kibirizi, Ujiji na Mwanga yanafanana sana. Mtu aliacha pesa kwa wakala na hazikuingia. Mwingine amekatwa salio na hakupewa fedha mkononi. Wa tatu anataka kulalamika, lakini risiti yake imebaki karatasi nyeupe. Karibu kila mara kosa limefanyika palepale dirishani, katika dakika tano za muamala wenyewe, na lilikuwa linazuilika.

Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo: mama anayeuza dagaa Kibirizi, ana Sh 1,850,000 za mauzo na anataka kuziweka kwenye akaunti yake.

## Vitu vya kuwa navyo

- Namba ya akaunti, iliyoandikwa kwenye karatasi au daftari. Usiitaje kwa kichwa. Tarakimu moja ikikosewa pesa inaweza kwenda kwa mtu mwingine.
- Jina la akaunti kama benki ilivyoliandika, si jina ambalo watu wanakuitia.
- Kadi ya benki, au simu yenye laini iliyosajiliwa kwa huduma za benki. Simu iwe na chaji.
- Kitambulisho, hasa kama kiasi ni kikubwa.
- Daftari na kalamu.
- Namba ya huduma kwa wateja ya benki yako. Ichukue nyuma ya kadi au tawini, na uiandike kabla hujaihitaji. Anayetafuta namba hiyo mtandaoni akiwa na hofu ndiye anayeangukia mikononi mwa matapeli.

## Jambo la kuelewa kwanza: floti

Wakala wa benki ana pesa za aina mbili. Kuna fedha taslimu kwenye droo, na kuna floti, yaani salio lake kwenye akaunti yake ya uwakala.

Ukiweka pesa, wewe unampa noti, na benki inahamisha kiasi hichohicho kutoka kwenye floti yake kuja kwenye akaunti yako. Droo yake inajaa, floti inapungua. Ukitoa pesa inakuwa kinyume: akaunti yako inapungua, floti yake inaongezeka, naye anakupa noti za droo.

Kwa hiyo wakala anaweza kuwa na droo iliyojaa noti na bado ashindwe kukuwekea hata laki moja, kwa sababu floti imeisha. Sehemu zenye biashara ya dagaa jambo hili linaonekana wazi. Usiku wa giza wavuvi wanapata, asubuhi wauzaji wanaweka pesa kwa wingi, na ikifika saa sita mchana mawakala wa karibu na mwalo hawana floti. Mwisho wa mwezi, mishahara ikitoka, wanakaukiwa noti badala ya floti.

Ukilijua hili, utajua pia saa ya kwenda. Anayeweka awahi asubuhi, floti ikiwa bado haijaguswa. Anayetoa atapata noti kwa urahisi zaidi mchana, wenzake wakishaweka za kwao.

## Kuweka pesa

### Hatua ya 1: Hesabu nyumbani, andika kwa aina ya noti

Mama wa Kibirizi anapanga hivi: noti 150 za elfu kumi, ambazo ni Sh 1,500,000. Noti 60 za elfu tano, Sh 300,000. Noti 25 za elfu mbili, Sh 50,000. Jumla Sh 1,850,000. Mistari hiyo mitatu anaiandika kwenye daftari kabla hajatoka.

Sababu ni kwamba ubishi wa dirishani mara nyingi unahusu hesabu: wakala anasema pungufu, mteja anasema kamili. Ukiwa umeandika kwa aina ya noti, mnaweza kujua papo hapo pungufu iko kwenye bunda lipi, badala ya kuanza upya noti zote mbele ya watu.

Ondoa kabisa noti ya mia tano ya karatasi na noti za matoleo ya zamani, ya mwaka 1985 hadi 2003. Benki Kuu ilifunga ubadilishaji wake tarehe 5 Aprili 2025, na wakala hana pa kuzipeleka. Noti iliyolowa au yenye magamba ya samaki ikaushe na uinyooshe kwanza.

### Hatua ya 2: Mjue wakala, uliza floti kabla ya kutoa pesa

Kibanda kimoja huweza kuwa na huduma za pesa za simu na za benki mbili au tatu. Taja wazi: "Nataka kuweka kwenye akaunti ya benki fulani." Tazama kama kuna bango la benki hiyo, namba ya uwakala, na mashine inayotoa risiti. Huduma inayofanyika kwa simu ya mtu binafsi, pasipo bango wala namba ya uwakala, iache.

Kisha uliza, pesa zikiwa bado mfukoni: "Una floti ya milioni moja na laki nane na nusu?"

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Tuseme wakala ana floti ya Sh 1,200,000 tu. Atasema kwa upole, "Mama, hizi milioni moja na laki mbili naziingiza sasa hivi. Hizo nyingine niachie, jioni nikijaza floti nitakuingizia." Huenda ni mtu mwema na ana nia ya kufanya hivyo. Lakini Sh 650,000 zitakazobaki zitakuwa hazimo benki. Zitakuwa mkopo uliompa jirani bila maandishi. Kibanda kikivunjwa, au zikitumika kumlipa mteja anayetoa, benki haina kumbukumbu yoyote ya muamala wako, kwa hiyo haina cha kukurudishia.

Jibu sahihi ni kuweka Sh 1,200,000, kuchukua risiti yake, na kuondoka na Sh 650,000 kwenda kwa wakala mwingine au tawini. Kila sehemu na risiti yake.

Jambo hilohilo linahusu mtandao. Miongozo ya Benki Kuu kuhusu uwakala wa benki inamkataza wakala kufanya muamala mawasiliano na benki yakiwa yamekatika, au pale ambapo risiti au uthibitisho hauwezi kutoka. Kwa hiyo neno "acha tu, mtandao ukirudi nitaweka" si msaada anaokufanyia. Ni kitu asichoruhusiwa kukifanya.

### Hatua ya 3: Hesabuni pamoja, kisha soma jina kwenye mashine

Weka pesa mezani bunda moja moja na mhesabu mkiwa mnaangalia wote wawili. Noti zisitoke machoni pako, zisiende chini ya kaunta wala chumba cha nyuma, mpaka hesabu ikubalike. Noti ikirudi ikiwa tofauti na uliyoitoa, au bunda likipungua, hutaweza kuthibitisha baada ya hapo.

Wakala anaingiza namba ya akaunti na kiasi. Mwombe akugeuzie mashine kabla hajabonyeza kukubali. Mashine nyingi huonyesha jina la mwenye akaunti katika hatua hii. Soma jina lote, kisha hesabu sifuri za kiasi. Sh 185,000 na Sh 1,850,000 zinafanana kwa anayeangalia haraka.

Kama ni akaunti ya mtu mwingine, mfano mwenye gari anayekupelekea mzigo Dar es Salaam, jina ndilo kinga yako kubwa. Jina lisipolingana na la mtu unayemjua, simamisha. Mpigie kwa namba yako ya siku zote, si kwa namba iliyoleta ujumbe wa akaunti. Pesa ikishaingia kwenye akaunti ya mtu, wakala hana uwezo wa kuivuta irudi.

### Hatua ya 4: Soma risiti ukiwa bado umesimama hapo

Kupokea risiti na kuitia mfukoni si kuisoma. Mashine inaweza kutoa karatasi hata muamala ukiwa umekataliwa, na kwa jicho la haraka karatasi hizo mbili zinafanana. Tazama vitu hivi kwa mpangilio:

Matokeo. Tafuta neno linalosema umefanikiwa. Risiti nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza: `APPROVED` au `SUCCESSFUL` ni umekubaliwa, `DECLINED` au `FAILED` ni umekataliwa. Kwenye miamala ya kadi huwa pia kuna namba ya majibu. `00` maana yake umekubaliwa. `51` ni salio halitoshi, `55` ni namba ya siri imekosewa, na `91` ni kwamba benki yenye kadi haikupatikana. Namba yoyote isiyo `00`, hesabu kwamba bado hujamaliza.

Aina ya muamala. Uliweka, basi pasomeke kuweka, au `DEPOSIT`. Ukiona `WITHDRAWAL`, imesomwa kama kutoa. Ukiona `BALANCE`, umepewa risiti ya kuangalia salio tu.

Akaunti na kiasi. Namba ya akaunti au kadi mara nyingi hufichwa katikati kwa nyota. Linganisha tarakimu za mwisho zinazoonekana na zile za kwenye daftari lako.

Tarehe na saa. Ziwe za sasa hivi. Risiti ya jana inaweza kuchapwa tena leo. Ukiona neno `DUPLICATE` au `REPRINT`, hiyo ni nakala ya muamala uliopita, na unapaswa kuuliza ni upi.

Namba ya kumbukumbu. Kwenye risiti za kadi hii mara nyingi ni tarakimu 12 na huandikwa `RRN`. Ndiyo namba ambayo benki huitumia kuutafuta muamala wako kati ya mingine yote. Pamoja nayo kuna namba ya mashine, `TID`, inayoonyesha ulifanyika kwa wakala yupi.

Karatasi iliyoandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri wa duka si risiti ya benki, hata muhuri uwe mzuri namna gani. Benki haiwezi kuona kilichoandikwa kwa kalamu.

Sasa piga picha. Karatasi ya risiti haina wino. Inaandikwa kwa joto, kwa hiyo jua, mafuta ya mkononi na mfuko wa plastiki huifuta. Kwa anayeshika mawese au dagaa kutwa nzima inafutika mapema zaidi. Usiipeleke kulaminetiwa: joto la mashine ile huigeuza nyeusi yote. Picha iwe ya siku hiyohiyo, na namba ya kumbukumbu uiandike kwenye daftari kwa kalamu.

### Hatua ya 5: Thibitisha kutoka upande wa akaunti

Meseji ya benki ni dalili njema, lakini inaweza kuchelewa, na meseji ya uongo ni rahisi kutengeneza. Uthibitisho unaotosha ni salio lenyewe. Kwa simu yako, piga menyu ya benki yako, mfano `*150*66#` kwa NMB au `*150*03#` kwa CRDB, uangalie salio au taarifa fupi ya miamala. Menyu iandike wewe mwenyewe, simu ikiwa mkononi mwako.

Umefanikiwa pale ambapo vitu vitatu vinakubaliana: daftari lako, risiti, na salio. Kimoja kikipingana, usiondoke.

## Kutoa pesa

Kutoa kuna hatua chache, lakini hatari yake iko sehemu nyingine: hapa akaunti yako inapungua kwanza, noti zinakuja baadaye.

### Hatua ya 6: Uliza noti, kisha uliza makato

Safari hii swali si floti. Uliza kama ana noti taslimu za kiasi unachotaka, kabla kadi haijaingia kwenye mashine. Ukikatwa Sh 600,000 na droo ina Sh 350,000, utaambiwa usubiri, na kuanzia hapo unamdai.

Gharama ya kutoa hukatwa kwenye akaunti yako na mfumo wa benki. Wakala haruhusiwi kukutoza ada yake juu ya hapo. Akikutaka umpe elfu moja ya mkononi, au akikupa Sh 598,000 mahali pa Sh 600,000, hiyo haimo kwenye bei za benki. Mwombe akuonyeshe bango la gharama. Kumbuka kuacha salio la kutosha kwa makato, maana salio likiwa Sh 600,000 kamili muamala wa Sh 600,000 utakataliwa.

### Hatua ya 7: Kadi na namba ya siri zibaki kwako

Chomeka kadi mwenyewe na uiache mpaka mashine iseme itolewe. Kuichomoa mapema ni sababu ya kawaida ya muamala kukatika katikati. Kama unatumia simu, fuata menyu ya kutoa kwa wakala, ingiza namba yake ya uwakala kutoka kwenye bango, na usome jina linalotokea kabla ya kukubali.

Namba ya siri inabonyezwa na wewe, mkono mmoja ukifunika. Wazee wengi huja na mjukuu au humwambia wakala, "Nibonyezee baba, macho yangu hayaoni." Ni jambo linaloeleweka, lakini wakala hahitaji kabisa namba hiyo kufanya kazi yake, na anayeisikia akiwa amesimama nyuma kwenye foleni anaweza kuikumbuka. Mzee asiyeona vizuri azoee nafasi za vitufe nyumbani: kitufe cha 5 kwenye mashine nyingi kina kinundu, na kutoka hapo vidole hupata vingine.

Usibahatishe namba ya siri. Kwa kawaida ukikosea mara tatu kadi hufungwa, na kuifungua kutakupeleka tawini.

### Hatua ya 8: Hesabu kabla hujageuka

Soma risiti kama hatua ya 4, pokea noti, zihesabu zote ukiwa umeukabili ukuta au kaunta, ndipo uondoke. Ukishatoka nje hakuna wa kukusikiliza kuhusu noti pungufu.

Mwenye kiasi kikubwa asitoke na kusimama barabarani kutafuta bodaboda. Mpange unayemjua akusubiri mlangoni, na usitaje kiasi kwenye simu ukiwa kwenye foleni.

## Muamala ukikwama katikati

Mashine inazunguka, kisha inasema imeshindikana. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba ombi lilifika benki na likafanyiwa kazi, ila jibu halikurudi kwenye mashine. Kwa hiyo "imeshindikana" kwenye kioo haithibitishi kwamba pesa haijakatwa. Ukirudia hapo hapo unaweza kukatwa mara mbili.

Badala ya kurudia, angalieni salio mbili: la akaunti yako, na la floti ya wakala. Chukua mfano wa kutoa Sh 600,000.

Kama akaunti yako haijapungua, hakuna kilichofanyika. Rudia.

Kama yako imepungua na floti yake imeongezeka Sh 600,000, basi muamala umekamilika na wakala anazo. Anapaswa kukupa noti, hata kama mashine yake haikutoa karatasi. Mwonyeshe kwa utulivu. Mara nyingi yeye mwenyewe hajui mpaka aangalie floti.

Kama yako imepungua na yake haikuongezeka, pesa imekwama ndani ya mfumo wa benki. Wakala hana kosa na hana cha kukupa. Mara nyingi mfumo huirudisha wenyewe. Usisubiri kimya lakini: pigia benki siku hiyohiyo, toa tarehe, saa, kiasi, namba ya uwakala na namba ya kumbukumbu kama ipo, na udai namba ya malalamiko.

Kwa kuweka pesa, geuza hesabu. Floti yake haijapungua na yako haijaongezeka: akurudishie noti zako zote. Floti yake imepungua na yako haijaongezeka: pigeni simu benki pamoja mkiwa hapo, na muandikiane karatasi yenye kiasi, saa na sahihi za wote wawili. Hiyo karatasi si risiti. Ni ushahidi kwamba tatizo lilijulikana saa hiyo.

Benki inawajibika kwa kazi ambayo wakala wake anaifanya kwa niaba yake, kwa hiyo usikubali jibu la "malizaneni na wakala". Tawi lisipokusikiliza, andika malalamiko kwa maandishi, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na uyapeleke Benki Kuu ya Tanzania, ambayo hupokea malalamiko ya wateja wa benki baada ya benki yenyewe kushindwa kuyamaliza.

## Simu zinazofuata baada ya muamala

Kuna matapeli wanaosubiri mtu atoke kwa wakala. Simu inaita: "Nakupigia kutoka benki, muamala wako umekwama, nitajie namba ya siri niuachie." Wengine hutuma meseji ya pesa iliyoingia, kisha wanalia kwamba imekosewa, uirudishe kwenye namba ya simu. Na ipo ile ya siku nyingi, "ile hela tuma kwenye namba hii", inayompata mtu akiwa kweli anatarajia kumlipa mtu.

Kwa zote tatu kata simu, uangalie salio lako kwa menyu ya benki. Kama kweli pesa isiyo yako imeingia, usiitume wewe. Ijulishe benki iirudishe kwa njia yake. Namba ya tapeli itume kwa meseji kwenda 15040.

Ukishaitaja namba ya siri, usipoteze muda kumtafuta aliyepiga. Ibadilishe papo hapo kwenye menyu, na kama menyu imegoma, pigia benki ile namba uliyoiandika nyuma ya daftari na uombe akaunti ifungwe kwa muda.